Kuunganisha pedi ya PS4 na simu, na kurekebisha vitufe vilivyohama

Pedi imeshika, taa inawaka, simu inasema Connected. Unafungua mpira, unabonyeza pasi, mchezaji anarusha mpira mrefu hadi upande wa pili wa uwanja. Ukitaka kupiga golini, anatoa pasi ya miguuni. Wengi wakifika hapa huamua kuwa pedi ni feki na kuirudisha dukani. Mara nyingi pedi haina ubaya wowote: vitufe vimehama, na vimehama kwa utaratibu ambao ukiujua unarekebisha ndani ya dakika kumi.

Mwongozo huu unahusu pedi ya PS4, iwe halisi au kopi, kwenye simu ya Android, na mfano wa gemu ni emuleta ya PPSSPP, programu ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu, kwa sababu ndiyo wengi wanayochezea mpira. Wenye pedi nyingine au iPhone, yenu yako kuelekea mwisho.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pedi yenye Bluetooth. Hapa watu huumia. Pedi nyingi za bei rahisi zimeandikwa "Wireless" kwenye boksi, lakini hazina Bluetooth. Zinakuja na risiva ndogo ya kuchomeka USB. Hiyo simu haitaiona kamwe kwenye orodha ya Bluetooth hata ukeshe. Fungua boksi uangalie: ukikuta risiva, uliza kwanza kama pedi yenyewe ina Bluetooth pia. Kama haina, utahitaji kichwa cha OTG cha kuchomekea risiva kwenye simu.
- Simu yenye Android 10 au zaidi. Kuanzia hapo ndipo pedi ya PS4 inatambuliwa rasmi. Kwenye Android ya nyuma ya hapo inaweza kushika, lakini tegemea vitufe kuhama.
- Chaji. Chomeka pedi kwa waya wake wa micro-USB angalau nusu saa. Pedi yenye chaji kidogo hushika na kuachia, nawe utadhani tatizo ni simu.
- Kama nyumbani kuna PS4 ambayo pedi hiyo imezoea, ichomoe kabisa ukutani. Pedi humkumbuka bwana wake wa mwisho. Ukigusa kitufe cha PS tu, itaiamsha PS4 badala ya kuja kwenye simu.

Kabla ya hatua, tukubaliane jina moja. Kitufe cha chini kwenye pedi ya PS kina alama ya X, na mitaani wote tunakiita X. Lakini simu nayo ina kitufe inachokiita X, na si hicho. X ya simu inakaa kushoto, mahali palipo na mraba. Hapa ndipo watu wawili wanaelekezana saa nzima bila kuelewana. Kwa hiyo kile cha chini nitakiita msalaba, na vingine ni duara, mraba na pembetatu. Nikiandika A, B, X au Y, nazungumzia majina ya simu.

Kuunganisha

1. Hakikisha pedi imezimika kabisa, taa haiwaki.

2. Shika kitufe cha SHARE, kile kidogo cha kushoto kwa juu, halafu bila kukiachia shika na cha PS katikati. Endelea kuvishika vyote viwili kama sekunde tano, hadi taa ianze kumweta haraka-haraka, mara mbili-mbili. Ikimweta polepole bado inamtafuta bwana wake wa zamani. Izime, anza upya. Kosa la kawaida ni kubonyeza PS peke yake, au kuachia mara taa inapowaka.

3. Kwenye simu nenda Settings, kisha Connected devices, kisha Pair new device. Kwenye Samsung ni Settings, Connections, Bluetooth. Subiri kwenye ukurasa huo huo. Ukitoka, simu inaacha kutafuta.

4. Litatokea jina Wireless Controller. Liguse, ukubali Pair. Kwenye kopi jina linaweza kuwa tofauti, na jina hilo litakusaidia baadaye, kwa hiyo lisome vizuri. Baadhi ya kopi zinaomba namba ya siri, jaribu 0000.

5. Taa ikitulia na kubaki na rangi moja, umeunganisha. Rudi kwenye skrini kuu ya simu na ubonyeze mishale ya pedi. Unapaswa kuona alama ikitembea juu ya programu.

Kupima kabla ya kufungua gemu

6. Ukiwa hapo hapo kwenye skrini kuu, tembeza alama hadi juu ya programu yoyote, ubonyeze msalaba. Programu ikifunguka, simu inasoma msalaba kama A, na mpangilio una kila dalili ya kuwa sawa. Ikiwa badala yake simu inafanya kazi ya kurudi nyuma, msalaba umesomwa kama B. Ili uone vizuri, ingia kwanza ndani ya Settings ndipo ubonyeze: ikikutoa nje, jibu umepata. Usipime kwa mraba, maana simu inaweza kufungua programu kwa A na kwa X pia, na utadanganyika.

7. Kwa uhakika zaidi weka programu ya kupima pedi kutoka Play Store. Tafuta "gamepad tester". Bonyeza kitufe kimoja kimoja, ukiandika jina linalotokea. Kuna tovuti za kupimia pia, lakini Chrome ina mpangilio wake yenyewe na inaweza kukuonyesha kila kitu kiko sawa wakati simu bado imechanganya. Pima kwa programu.

Sasa linganisha ulichoandika na hiki:

| Unabonyeza | Inatakiwa | Ikiwa vimehama |
|---|---|---|
| Mraba | X | A |
| Msalaba | A | B |
| Duara | B | C |
| Pembetatu | Y | X |
| L1 | L1 | Y |
| R1 | R1 | Z |
| L2 | L2 | L1 |
| R2 | R2 | R1 |
| Share | Select | L2 |
| Options | Start | R2 |
| L3 | L3 | Select |
| R3 | R3 | Start |

Safu ya mwisho ndiyo ugonjwa wenyewe. Ukiona yako inafanana nayo, usihangaike kutafuta pedi nyingine.

Chanzo chake ni kidogo. Pedi haitumi majina, inatuma namba za foleni: wa kwanza mraba, wa pili msalaba, wa tatu duara, na kuendelea. Simu isiyoitambua pedi inagawa majina yake kwa kufuata foleni hiyo hiyo: A, B, C, X, Y, Z, kisha L1, R1. Hizo C na Z ni za enzi za pedi za Sega zenye vitufe sita usoni. Ya PS haina. C inakalia zamu ya tatu, Z zamu ya sita, na kila kinachofuata kinasukumwa nyuma. Ndiyo maana L1 inaishia kuwa Y, na kubonyeza fimbo ya kulia, yaani R3, kunasimamisha gemu.

Mwenye kompyuta yenye adb anaweza kuthibitisha bila kubahatisha. Unganisha simu, washa USB debugging, kisha:

```
adb shell dumpsys input
```

Tafuta mahali palipoandikwa Wireless Controller. Ukikuta hivi, jibu ni hilo:

```
Identifier: bus=0x0005, vendor=0x054c, product=0x05c4
KeyLayoutFile: /system/usr/keylayout/Generic.kl
```

054c ni namba ya Sony, kwa hiyo pedi imejitambulisha vizuri. Ila simu imeipa faili la jumla, Generic.kl, badala ya faili lenye jina la pedi hiyo. Kopi nyingine zinajitambulisha kwa namba nyingine kabisa, nazo huangukia kwenye Generic.kl vilevile.

Kurekebisha ndani ya PPSSPP

Mfano wetu ni mpira wa PSP wenye mpangilio uliozoeleka: msalaba pasi fupi, duara mpira mrefu, mraba kupiga golini, pembetatu pasi ya kupenyeza, R kukimbia, L kubadili mchezaji. Kwa pedi iliyohama, msalaba unatoa mpira mrefu, mraba unatoa pasi fupi, pembetatu inapiga golini, L1 inapenyeza, duara na R1 ziko kimya, na mbio zimehamia R2.

8. Fungua PPSSPP pedi ikiwa tayari imewaka. Nenda Settings, Controls, kisha Control mapping. Utaona orodha ya vitufe vya PSP, na mbele ya kila kimoja kile kinachokiendesha sasa.

9. Futa kilichopo kwanza. Hili watu hulipuuza, halafu wanalalamika kuwa kitufe kimoja kinafanya kazi mbili. Alama ya + inaongeza, haiondoi cha zamani. Tuseme umeongeza msalaba wa pedi kwenye Cross bila kuufuta kwenye Circle: ukibonyeza, gemu inapokea pasi fupi na mpira mrefu kwa pamoja, na mchezaji anafanya analotaka yeye. Pitia Cross, Circle, Square, Triangle, L, R, Start na Select, uondoe kilichoandikwa humo kwa upande wa pedi.

10. Gusa + mbele ya Cross. Kikitokea kidirisha cha kusubiri, bonyeza msalaba mara moja na uachie. Vidole vikae mbali na fimbo. Fimbo ikiguswa kidogo tu, ndiyo itakayoandikwa. Endelea: Circle kwa duara, Square kwa mraba, Triangle kwa pembetatu.

11. Weka L kwa L1 na R kwa R1. Ikiwa umezoea kukimbia kwa kidole cha nyuma, ongeza R2 kwenye R pia. Hapa kuongeza bila kufuta hakuna ubaya, maana zote mbili zinafanya kazi moja. Kisha Start kwa Options, Select kwa Share.

12. Mishale na fimbo ya kushoto kwa kawaida haihami, iache. Ikigoma, mistari yake ni An.Up, An.Down, An.Left na An.Right, kwa kila mmoja sukuma fimbo hadi mwisho upande husika, si nusu.

13. Rudi nyuma, ingia kwenye gemu, ujaribu kwenye mazoezi. Usianze kubadilisha pia mpangilio wa ndani ya gemu yenyewe. Ukirekebisha sehemu mbili kwa wakati mmoja, hutajua ni ipi imeharibu. Gemu ibaki na mpangilio wake wa kawaida, kazi yote ifanyike PPSSPP.

Pedi ikishakaa sawa, unaweza kuondoa vitufe vya kwenye kioo palepale Controls, kwa kuzima On-screen touch controls.

RetroArch inafuata njia hiyo hiyo: Settings, Input, Port 1 Controls, kisha Set All Controls, itakuuliza kitufe kimoja baada ya kingine. Ukimaliza chagua Save Controller Profile, la sivyo kesho unaanza upya.

Gemu zisizo na sehemu ya kupanga vitufe

Emuleta zinakupa uhuru, gemu za kawaida za Play Store mara nyingi hazikupi. Ikiwa simu inasoma vibaya na gemu haina mahali pa kubadilisha, njia ya kwanza ni kusasisha Android kama simu bado inapewa matoleo mapya. Ya pili, kwa pedi za kopi na za kampuni nyingine, ni kubadili hali ya pedi. Nitaieleza hapa chini. Ya tatu ni kuiruti simu na kuweka faili sahihi, jambo ambalo siwezi kukushauri kwa ajili ya pedi tu: programu nyingi za benki hugoma kwenye simu iliyorutiwa.

Usichanganye tatizo hili na gemu isiyokubali pedi kabisa. Call of Duty: Mobile inakubali, ina sehemu yake ya Controller ndani ya mipangilio. PUBG Mobile kwa miaka mingi haikukubali. Programu zinazogeuza pedi kuwa miguso ya kioo zipo, lakini kwenye gemu za kushindana mtandaoni unaweza kufungiwa akaunti.

Pedi zenye hali nyingi

Pedi nyingi zisizo za Sony zina hali zaidi ya moja, na zinawashwa kwa vitufe viwili pamoja. 8BitDo nyingi hutumia START na B kwa Android, START na X kwa Windows, START na Y kwa Switch; nyingine zina swichi ya kusogeza. Za makampuni mengine hutumia HOME na herufi mojawapo, lakini kila moja na lake, kwa hiyo usikitupe kile kikaratasi cha kwenye boksi.

Jina kwenye orodha ya Bluetooth ndilo linalokuambia uko hali gani. Ukisoma Pro Controller, pedi inajifanya ya Switch, ambako A iko kulia na B iko chini. Hapo utakuta A na B zimebadilishana, X na Y vilevile, lakini L na R ziko salama. Dalili hiyo ni tofauti kabisa na ya jedwali hapo juu, na dawa yake si kupanga vitufe. Izime, iwashe kwa hali ya Android, uiunganishe upya kwa jina jipya.

Ikigoma

*Inashika, baada ya sekunde chache inaachia.* Chaji kwanza. Ikiwa imejaa, nenda kwenye Bluetooth, gusa pedi, chagua Forget, uanze hatua ya 1. Ikiendelea, nyuma ya pedi karibu na L2 kuna tundu dogo. Bonyeza ndani yake kwa pini kama sekunde tano, halafu unganisha upya.

*Imeandikwa imeunganishwa lakini hakuna kinachotembea.* Forget, zima na uwashe simu, unganisha tena. Angalia pia kama haijaunganishwa na kompyuta au simu ya mtu mwingine mle ndani.

*Kamera inazunguka yenyewe, au inazunguka ukibonyeza L2.* Hapa waliohama si vitufe bali L2 na R2 kama mikanyagio: gemu inazidhani ni fimbo ya kulia. Kwa kuwa mkanyagio uliolala unasomwa kama fimbo iliyosukumwa hadi mwisho, kamera haitulii. Tafuta kwenye gemu sehemu ya kupanga fimbo ya kulia uipange upya kwa mkono. Kama haipo, rudi kwenye suala la kusasisha Android.

*Kuna kuchelewa kati ya kubonyeza na mchezaji kutii.* Ondoa spika na hedifoni za Bluetooth, tumia za waya. Pedi na sauti vikigombania Bluetooth moja, pedi ndiyo inayoumia.

*Pedi ya risiva kwenye OTG inazimika katikati ya mchezo.* Simu za OPPO na realme zina swichi ya OTG kwenye Settings, nayo hujizima isipotumika kwa dakika 10. Iwashe tena kabla hujalaumu waya.

*Ni iPhone.* Inahitaji iOS 13 kwenda juu. Hatua za kuunganisha ni zile zile. Kuanzia iOS 14 vitufe vinapangwa Settings, General, Game Controller, na sehemu hiyo haionekani mpaka pedi iwe imeshika.

*Nataka kuirudisha kwenye PS4.* Ichomeke kwa waya kwenye PS4 iliyowashwa, ubonyeze kitufe cha PS. Ukirudi kwenye simu siku nyingine utaanzia tena SHARE na PS, lakini mpangilio uliouweka PPSSPP utaukuta ulivyouacha.